Ukuta wa Jirani Una Jina la Nani?

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa kwenye kikao cha ujenzi wa madarasa. Mezani palikuwa na karatasi iliyoandikwa juu yake "Daftari la Vihatarishi", na mstari wake wa nne ulisomeka hivi: "Mvua. Uwezekano: wastani. Athari: wastani. Mhusika: wote." Tuliupitisha bila neno. Wiki tano baadaye mitaro ya msingi ilijaa maji, kingo zake zikameguka, na nondo zilizokwisha kufungwa zikazama kwenye tope. Mkandarasi alidhani mshauri angeagiza uchimbaji usogezwe mbele. Mshauri alidhani mkandarasi angeleta pampu. Mwenye jengo alidhani hao wawili walikwisha kupanga. Hakuna aliyesema uongo. Karatasi ilikuwa imemwambia kila mmoja kwamba mvua ni ya wote, na cha wote huwa hakina wa kukiamkia usiku.

Tangu siku hiyo, nikipewa daftari la vihatarishi natazama mambo mawili kabla ya namba yoyote: je, kila hatari imeandikwa kwa sentensi kamili? Na je, mbele yake kuna jina la mtu mmoja? Makala haya yanaonyesha namna ya kuyafanya hayo, kwa kufuata hatari moja tangu inapotajwa mpaka inapofungwa.

Kiwanja chenye ukuta mpakani

Tuchukue mfano wa kazi ambayo mtu yeyote wa Dar es Salaam ataitambua. Mfanyabiashara ana kiwanja katikati ya mtaa uliobanana. Anataka jengo la ghorofa tatu, maduka chini na makazi juu, pamoja na stoo iliyo chini ya ardhi. Bajeti ni shilingi bilioni 1.2 na muda ni miezi 14. Ili kupata stoo hiyo, lazima pachimbwe shimo la kina cha mita 3. Upande wa mashariki, ukuta wa nyumba ya jirani umesimama juu ya mpaka kabisa. Ratiba inaonyesha uchimbaji utaanza katikati ya Machi, wakati masika yanapoingia.

Huu si mfano wa kutisha watu bure. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20, na walioshuhudia waliviambia vyombo vya habari kwamba kazi ya kupanua sehemu yake ya chini ilikuwa imeanza. Kuchimba kando ya jengo lililosimama, au chini yake, ni miongoni mwa kazi za hatari kuliko zote katika ujenzi wa mijini, na sababu ni rahisi kuieleza. Msingi haukai juu ya udongo ulio chini yake tu. Unategemea pia udongo wa pembeni, ambao unauzuia ule wa chini usisukumwe nje. Ukiuondoa udongo wa pembeni, ule wa chini unapata pa kukimbilia.

Neno moja si kihatarishi

Kihatarishi ni jambo ambalo halijatokea, lakini likitokea litagusa fedha, muda, ubora au maisha ya watu. Likiwa limekwisha kutokea, hilo ni tatizo, na matatizo yana orodha yake. Mara nyingi daftari huharibika hapa mwanzoni kabisa, kwa sababu watu huandika neno moja: "jirani", "mvua", "fedha". Neno moja haliwezi kupimwa, kwani kila aliyepo kikaoni analisoma kwa picha iliyo kichwani mwake. Mwanasheria akisoma "jirani" anaona kesi ya mpaka, fomeni anaona malalamiko ya vumbi, mhandisi anaona ukuta unaanguka.

Dawa yake ni sentensi yenye sehemu tatu: chanzo, tukio na matokeo. Chanzo ni jambo ambalo tayari ni kweli, unaloweza kwenda kulitazama. Tukio ni lile lisilo na uhakika. Matokeo ni hasara itakayofuata. Kwa kiwanja chetu, sentensi ya kwanza kwenye daftari itakuwa hivi:

"Kwa sababu msingi wa ukuta wa jirani upo mpakani na hauzidi sentimita 90 kwenda chini, nasi tutachimba mita 3, udongo ulio chini ya msingi huo unaweza kuteleza na kuingia shimoni, hasa ukilowa, hilo likitokea ukuta utaanguka, utaua mafundi walio chini na wakazi walio ndani, na kazi itasimamishwa."

Angalia sentensi hiyo inavyotufanyia kazi. Imesema "hauzidi sentimita 90", kwa hiyo mtu atauliza: mmejuaje? Jibu ni kwamba lazima lichimbwe shimo dogo la kupimia kando ya ukuta, kwa ruhusa ya jirani, ili msingi wake uonekane kwa macho. Imesema "hasa ukilowa", kwa hiyo imeshafungamana na ratiba ya mvua. Chanzo kikiandikwa sawasawa, nusu ya hatua za kuchukua zimeshajitaja zenyewe.

Kupima uwezekano na athari

Baada ya sentensi huja namba mbili. Ya kwanza ni uwezekano wa tukio kutokea, ya pili ni uzito wa athari yake, na kwa kawaida kila moja hupewa alama 1 hadi 5. Ukizizidisha unapata alama ya kihatarishi, kuanzia 1 hadi 25. Kuzidisha hakumshindi mtu. Ugumu ni kukubaliana kabla ya kupima kila alama ina maana gani katika mradi huu, si katika mradi wa mwingine.

Kwa jengo letu tunaweza kukubaliana kwamba uwezekano 1 ni chini ya asilimia 5, 2 ni asilimia 5 hadi 20, 3 ni asilimia 20 hadi 50, 4 ni asilimia 50 hadi 80, na 5 ni zaidi ya hapo. Upande wa athari tunaanza na fedha na muda. Alama 1 ni hasara isiyofika shilingi milioni 5 au ucheleweshaji wa siku mbili tatu. Alama 3 ni hasara inayokaribia milioni 60, yaani asilimia 5 ya bajeti, au mwezi mmoja kupotea. Alama 5 ni hasara inayozidi milioni 120, au miezi mitatu kupotea, au kifo cha mtu. Alama 2 na 4 zinaangukia katikati. Kihatarishi kikigusa fedha, muda na usalama kwa pamoja, chukua alama iliyo kubwa, usitafute wastani. Ukuta ukiua mtu athari yake ni 5, hata kama kuujenga upya ni milioni 8 tu.

Kosa la kawaida kikaoni ni kumwacha mkubwa aseme kwanza. Mhandisi akishatamka "tatu", ni nani atapandisha mkono kusema "tano"? Kwa hiyo kila mtu aandike alama yake kwenye kipande cha karatasi, kisha karatasi zote zifunuliwe kwa mara moja. Hamtafuti wastani wa karatasi hizo. Mnatafuta tofauti. Tuseme kwenye kihatarishi cha ukuta mhandisi ameandika uwezekano 2 na fomeni ameandika 4. Mwenyekiti wa kikao anauliza:

"Fomeni, mbona nne?"

"Mzee, mwaka jana tulichimba mtaa wa pili tu kutoka hapa. Kufika mita mbili tukakuta maji, na mchanga unatiririka kama sukari."

"Injinia?"

"Mimi nimetumia ripoti ya udongo. Vipimo vilichukuliwa Septemba, wakati wa kiangazi."

Mazungumzo ya nusu dakika yameleta habari ambayo haikuwemo kwenye ripoti: maji ya ardhini hupanda msimu wa mvua, na vipimo vilifanyika yakiwa chini. Alama inakuwa 4. Nne mara tano ni ishirini, na kihatarishi kinapanda hadi kileleni mwa daftari.

Hatua za kuchukua, na dawa inayoleta ugonjwa

Kihatarishi chenye alama 20 hakiachwi kikae. Ziko njia nne za kukikabili: kukikwepa kwa kubadili mpango, kukipunguza, kumhamishia mwingine sehemu ya hasara, kwa mfano kwa bima, au kukikubali kwa macho wazi na kukitengea akiba. Bima italipa gharama za ukuta, lakini haimrudishi aliyekufa. Kwa hiyo hapa kazi kubwa ni kukwepa na kupunguza.

Kikao kinaweza kuamua hivi. Uchimbaji uanzie upande wa magharibi, mbali na jirani, na tuta la udongo lenye upana wa mita 3 liachwe kando ya ukuta wake mpaka masika yapite. Mwezi Juni msingi wa jirani uongezewe kina kabla tuta halijaondolewa. Kazi hiyo hufanywa kwa vipande vya mita moja moja: unachimba chini ya kipande kimoja, unamwaga zege, unaliacha lishike, kisha unaruka kwenda kipande kisichopakana nacho. Ukichimba vipande viwili vilivyopakana kwa wakati mmoja, umeuacha ukuta ukining'inia hewani. Tuta la mashariki hadi Juni litakula wiki kadhaa za ratiba, na mwenye jengo lazima akubali kwa saini kwamba anazilipia.

Sasa hatari ya pili kwenye daftari letu: mvua kujaza shimo na kusimamisha kazi. Uwezekano 4, athari 3, alama 12. Dawa ambayo kila mtu ataitaja ni pampu. Lakini pampu inayofyonza maji mfululizo kwenye udongo wa kichanga huvuta na chembe laini za mchanga, na hushusha maji yaliyo chini ya majirani. Udongo uliopoteza maji na chembe zake hujikandamiza, na nyumba iliyo juu yake inatitia. Yaani dawa ya kihatarishi cha pili inakilisha kihatarishi cha kwanza. Hilo ni lazima liandikwe: kwenye mstari wa mvua pawe na maneno "pampu isiwashwe bila kibali cha mwenye kihatarishi namba 1". Nimeyaona madaftari mengi mazuri yaliyokosa maneno ya namna hiyo, kila mstari ukiwa sahihi peke yake huku mistari ikipigana.

Jina la mtu mmoja

Mwenye kihatarishi si yule atakayelaumiwa, wala si lazima awe yule atakayeshika koleo. Ni mtu anayekitazama, mwenye mamlaka ya kuchukua hatua, na anayesimama kikaoni kueleza kimefikia wapi. Sifa hizo tatu zinawaengua wengi. Ukimpa fomeni kihatarishi cha ukuta, atakitazama kila siku, lakini hana mamlaka ya kusimamisha uchimbaji wakati mwenye jengo anaharakisha. Ukimpa mwenye jengo, ana mamlaka yote lakini hajui ufa upi unatisha na upi ni wa plasta tu. Katika mfano wetu anayefaa ni mhandisi wa miundo, na fomeni anaandikwa kama msaidizi wake wa kutazama kila siku.

Hapa makalani nimetaja vyeo. Kwenye daftari lenyewe liandikwe jina kamili na namba ya simu. "Idara ya ufundi" haipokei simu saa nane za usiku mvua ikinyesha. Na likishaandikwa jina, mwenyewe aweke saini akiwepo, kwa sababu mara nyingi mtu hugundua ni mwenye kihatarishi siku kilipotokea.

Kuna vihatarishi ambavyo mwenyewe hawezi kuwa mwingine ila mwenye jengo, na wataalamu huona haya kumwandika. Malipo kuchelewa ni kimojawapo: mkandarasi hawezi kuidhibiti mifuko ya mteja. Kingine ni tamaa ya kuongeza ghorofa kazi ikiwa njiani. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36, na wakati ule ilielezwa kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa 10. Nguzo na msingi hupimwa kwa uzito uliokusudiwa tangu mwanzo. Anayeweza kuamua kutoongeza ghorofa ni anayelipa, kwa hiyo jina linaloandikwa mbele ya kihatarishi hicho ni lake, kwa heshima zote, na yeye ndiye anayetia saini.

Mstari uliokamilika

Baada ya hayo yote, mstari wa kwanza wa daftari letu unasomeka hivi:

*Namba:* 1
*Kihatarishi:* Kwa sababu msingi wa ukuta wa jirani upo mpakani na hauzidi sentimita 90, nasi tutachimba mita 3, udongo wa chini yake unaweza kuteleza na kuingia shimoni, hasa ukilowa; ukuta utaanguka, utaua watu na kazi itasimamishwa.
*Kabla ya hatua:* uwezekano 4, athari 5, alama 20
*Hatua:* tuta la mita 3 libaki hadi Juni. Msingi wa jirani uongezewe kina kwa vipande. Pampu kwa kibali tu. Picha za nyufa zipigwe mbele ya jirani na mwenyekiti wa mtaa kabla ya kuchimba
*Dalili ya kusimamisha kazi:* ufa kupanuka milimita 2, au kioo cha kupimia kupasuka
*Baada ya hatua:* uwezekano 1, athari 5, alama 5
*Mwenye kihatarishi:* mhandisi wa miundo (jina, simu, saini)
*Tarehe ya kukitazama tena:* kila Jumatatu hadi ukuta wa stoo ukamilike

Utaona athari imebaki 5. Hatua tulizochukua zimepunguza nafasi ya ukuta kuanguka, lakini ukianguka utaua vilevile. Anayeshusha alama ya athari bila kueleza ni kitu gani kitakachopunguza madhara anaipamba karatasi.

Mstari wa dalili ndio unaosahaulika zaidi, nao ndio unaomwezesha kibarua kujua lini apige kelele. Dalili lazima iwe kitu kinachoonekana au kupimika mapema kuliko tukio lenyewe. Mfano mzuri ni zege. Kihatarishi chake ni kwamba zege la nguzo litakuwa dhaifu kwa sababu maji yaliongezwa au mchanga ulikuwa mchafu. Kipimo rasmi huvunja michemraba ya zege ya milimita 150 siku ya 28. Lakini siku ya 28 nguzo hiyo imeshabeba slabu, na pengine nguzo nyingine juu yake. Kwa hiyo dalili huwekwa siku ya 7, ambapo zege la saruji ya kawaida huwa limefikia takriban theluthi mbili ya nguvu yake. Kama lilitakiwa kufikia niutoni 25 kwa milimita mraba, na siku ya 7 limeleta 12, mhandisi mkaazi anasimamisha kazi ya juu siku hiyohiyo. Haingoji siku ya 28.

Namba inapodanganya

Sasa tazama jambo moja. Baada ya hatua, ukuta wa jirani una alama 5. Wizi wa nondo na saruji kwenye stoo ya muda una uwezekano 4 na athari 2, yaani alama 8. Daftari likipangwa kwa alama tu, wizi wa nondo unakaa juu ya ukuta unaoweza kuua familia, na kikao kinamaliza nusu saa kikijadili kufuli. Kuzidisha hufanya 1 mara 5 iwe sawa na 5 mara 1, ilhali msiba wa nadra na kero ya kila siku si kitu kimoja. Kwa hiyo wekeni kanuni tangu mwanzo: kihatarishi chochote chenye athari 5 hubaki kwenye ukurasa wa kwanza hata alama yake ishuke vipi, na hujadiliwa kila kikao mpaka chanzo chake kiondoke.

Daftari lililokufa hujulikana kwa kulitazama tu. Alama ni zilezile kwa miezi mitatu, wakati shimo limechimbwa na kufukiwa. Tarehe za kutazama tena zimepita. Hakuna kihatarishi kipya hata kimoja, ingawa mradi umetoka kwenye udongo ukaingia kwenye kazi za juu. Na jina moja limeandikwa mbele ya kila mstari, kwa kawaida la mkandarasi. Mtu mmoja mwenye vihatarishi 30 hana hata kimoja anachokitazama kwa dhati. Lililo hai huanza kila kikao cha saiti, kabla ya malipo na maendeleo ya kazi, na kila mwenye kihatarishi husema sentensi mbili: nimeona nini tangu tulipokutana, na nitafanya nini kabla hatujakutana tena. Kilichotokea kinahamia kwenye orodha ya matatizo. Ambacho chanzo chake kimeondoka kinafungwa kwa tarehe, na hakifutwi, kwa sababu mradi ujao utakihitaji.

Nasema hivi kwa kuwa nimeona daftari likiwa nje ya karatasi. Kwenye ukuta wa nyumba iliyopakana na shimo, juu ya ufa mwembamba, palikuwa pamebandikwa kipande cha kioo, kila ncha imeshikizwa kwa tonge la saruji. Kioo hakinyumbuki, ukuta ukisogea kidogo tu, kinapasuka. Kando yake, kwa kalamu nyeusi, mhandisi alikuwa ameandika tarehe, saa na jina lake. Mama wa nyumba ile alikipitia kila asubuhi akienda kuchota maji. Alijua kioo kikipasuka ampigie nani.